"Hakuna la ghafla, ila kuna kinundu": jinsi ya kuisoma karatasi ya picha ya kifua



Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo nimekuwa nikiulizwa mara nyingi na jamaa zetu wanaoishi Ibra, Sur na Nizwa, hasa wale wenye wazee nyumbani. Mzee anapigwa picha ya CT hospitali, karatasi inatoka kwa Kiingereza, daktari anaieleza kwa Kiarabu au Kiingereza, na nyumbani mzee anasubiri kuelezwa kwa Kiswahili. Kazi ya kutafsiri inamwangukia mjukuu. Hapo katikati ndipo khofu inapoingia, na mara nyengine inaingia furaha isiyo mahala pake, nayo ina hatari zake.

Nitaanza na kisa kimoja. Mimi ni muuguzi, nimesomea nyumbani na baadaye nje, na kisa hiki nilikifuata tangu mwanzo mpaka mwisho kwa ruhusa ya wenyewe. Majina siyataji.

Simu kutoka Ibra

Mwezi wa Februari 2024 alinipigia simu kijana mmoja wa Ibra, usiku. Bibi yake, mama wa miaka 63, alishikwa na maumivu ya kifua ghafla na pumzi ikawa fupi. Walimkimbiza hospitali, akapimwa moyo na damu, kisha akapigwa picha ya CT ya kifua. Usiku ule ule wakaruhusiwa kurudi nyumbani na dawa za maumivu na karatasi moja. Kijana akanisomea karatasi ile kwenye simu. Sehemu iliyowatia khofu ilikuwa hii:

```
Clinical: sudden chest pain, ? PE
Comparison: none available
Impression:
1. No pulmonary embolism. No acute findings.
2. Incidental 7 mm solid nodule, right upper lobe.
   Follow-up CT in 6-12 months advised.
```

Kijana alikuwa ameshamtafsiria bibi yake. Alimwambia: "Bibi, hakuna matokeo makali, lakini kumetokea tukio la uvimbe kwenye pafu la kulia." Bibi akauliza, "Kwa hiyo yapo matokeo yasiyo makali?" Kijana hakuwa na jibu. Jirani aliyekuja kujulia hali akasikia neno uvimbe, akalitia kwa Kiarabu, akasema "waram". Nyumba nzima ikaingia kimya. Sote tunajua watu wanafikiri nini wakisikia "waram". Kuanzia hapo bibi hakula, akaanza kutoa wasia kuhusu dhahabu yake na nani apewe kanga zipi.

Kijana hakukosea kwa uzembe. Alitafsiri neno kwa neno, na maneno haya hayatafsiriki hivyo. Basi tuyachukue moja moja.

Daktari alikuwa anatafuta nini?

Kabla ya kusoma jibu, soma suala. Mstari wa kwanza kabisa, ule wa "Clinical", ni suala ambalo daktari wa dharura alimuuliza mtaalamu wa radiolojia. Herufi PE ni kifupi cha damu iliyoganda na kuziba mshipa wa pafu. Hilo ni jambo linaloweza kuua mtu kwa saa chache, na ndiyo sababu bibi alipelekwa CT usiku ule ule badala ya kungojea asubuhi. Alama ya kuuliza maana yake: je, ndiyo hii?

Mtaalamu anayesoma picha kwa kawaida hajamwona mgonjwa. Hajamshika mkono wala hajasikia anavyokohoa. Anakaa mbele ya skrini na anajibu suala aliloulizwa, kisha anaandika na mengine aliyoyaona. Ukilijua hili, mstari wa 1 na mstari wa 2 vinakuwa vyepesi. Mstari wa 1 unajibu suala la daktari. Mstari wa 2 ni lile aliloliona njiani bila ya kuulizwa.

"No acute findings"

Neno "acute" wengi hulifasiri "kali", na hapo ndipo kijana wetu alipoteleza. Katika hospitali neno hili linahusu wakati. Ni kitu kilichoanza sasa hivi, cha ghafla, kinachotaka kushughulikiwa leo. Kinyume chake ni ugonjwa sugu, wa muda mrefu. "Findings" ni yale yaliyoonekana kwenye picha. Kwa hiyo sentensi nzima kwa Kiswahili chetu ni hii: "Kwenye picha hakuonekana kitu cha ghafla kinachotaka matibabu ya haraka."

Kwa picha ya kifua, vitu vya ghafla ni kama damu iliyoganda kwenye mapafu, nimonia, hewa iliyovuja ikalibana pafu, maji mengi kuzunguka pafu, au mbavu iliyovunjika. Mtaalamu akiandika maneno haya, maana yake ameviangalia hivyo na hakuviona. Kwa bibi yetu ilikuwa khabari njema sana. Lile lililompeleka hospitali usiku, lile lililoogopwa, halikuwepo.

Lakini sentensi hii haisemi kwamba mtu ni mzima. Haisemi lolote kuhusu sukari wala presha. Haisemi moyo uko sawa, kwa sababu mtu anaweza kuwa na mshtuko wa moyo na picha ya kifua ikawa safi. Ndiyo maana bibi alipimwa moyo kwa mashine yake na damu yake ikachunguzwa pia. Na haisemi kwamba maumivu ni ya uwongo. Maumivu ya kifua yanaweza kutoka kwenye misuli, kwenye maungio ya mbavu, au kwenye asidi ya tumbo, na hivyo vyote CT huenda isivioneshe. Ikiwa umeambiwa "no acute findings" na maumivu yakarudi vile vile au yakazidi, rudi hospitali. Karatasi ile inazungumzia saa ile picha ilipopigwa, haina khabari na kesho yake.

Nimeona makosa ya upande wa pili pia. Mzee mmoja mvutaji sigara wa miaka mingi, katika mji nisioutaja, alianguka akaumia mbavu. Alipigwa eksirei. Mstari wa kwanza ulisema hakuna mfupa uliovunjika na hakuna jambo la ghafla. Mstari wa pili ulisema kuna kivuli juu ya pafu la kushoto, na ukapendekeza apigwe CT. Usiku ule palikuwa na watu wengi. Aliyempokea alisoma mstari wa kwanza, akamwambia "hakuna kitu", na mzee akaenda zake kwa furaha. Karatasi ikakunjwa ikatiwa kwenye droo. Baada ya miaka miwili alianza kukohoa damu. Walipofukua karatasi ile ya zamani wakaukuta mstari wa pili umekaa pale pale, haujasomwa na mtu. Ilikuwa saratani, na tiba ilianza ikiwa imechelewa.

Kwa hiyo "no acute findings" ni nusu ya karatasi. Usiikunje mpaka umesoma na nusu ya pili.

"Incidental"

Neno hili halihusiani na ajali wala tukio. Maana yake ni kitu kilichoonekana kwa bahati wakati wa kutafuta kingine. Chukua mfano wa mtu aliyeambiwa kuna nyoka ghalani. Anaingia na taa, anatafuta kila pembe, hamwoni nyoka. Lakini katika kutafuta anakuta sanduku la zamani ambalo hakuna aliyejua kama lipo. Akitoka anasema: nyoka hayupo, ila kuna sanduku. Sanduku halikuleta kelele za usiku ule. Pengine limekaa pale miaka ishirini. Hata hivyo si vibaya kujua ndani yake kuna nini.

Maumivu ya bibi hayakusababishwa na kinundu kile. Kitu cha milimita 7 ndani ya nyama ya pafu hakiumi, kwa sababu nyama ya pafu yenyewe haina mishipa ya kuhisi maumivu. Hili nilimwambia kijana kwanza kabisa, kwa kuwa bibi alikuwa anajishika kifua na kusema, "Nausikia uvimbe wenyewe."

"Nodule": ni kinundu

Mimi natumia neno kinundu. Uvimbe ni neno kubwa mno kwetu, mtu akilisikia anaona saratani. Kinundu ni doa dogo la duara, milimita 30 au chini yake, linaloonekana kwenye pafu. Likizidi hapo hupewa jina jengine na huchukuliwa kwa uzito mwengine. Milimita 7 ni kama ukubwa wa mbegu ya mbaazi.

Vinundu hutoka wapi? Sababu kubwa ni makovu. Pafu likishapigana na kifua kikuu, nimonia au ukungu fulani, huweza kubakisha alama kama kovu la kidonda kwenye ngozi. Watu wetu wengi wamekulia Unguja, Pemba, Mombasa, Bujumbura, mahala ambapo kifua kikuu kilikuwa karibu na kila nyumba, na mtu anaweza kuambukizwa utotoni, mwili ukakizima, na yeye mwenyewe asijue. Ukiona kwenye karatasi neno "calcified", maana yake kinundu kimeingia chokaa, na mara nyingi hiyo ni dalili ya kovu kongwe lililolala. Sababu nyengine ni vitezi vidogo vya kawaida vinavyokaa ndani ya pafu. Na sababu nyengine, iliyo chache lakini ndiyo inayotafutwa, ni saratani ikiwa bado changa.

Ni chache kiasi gani? Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, wa watu zaidi ya 53,000. Wote walikuwa wavutaji sigara wakubwa au waliowahi kuvuta sana, wenye miaka 55 hadi 74, yaani watu wa hatari kubwa. Kati ya picha za CT zilizotiwa alama ya shaka, karibu 96 katika kila 100 hazikuwa saratani. Kwa mtu kama bibi, ambaye hajavuta sigara maisha yake, khofu ni ndogo zaidi ya hapo.

Kwa nini wasubiri miezi sita?

Hili ndilo suali lililomuumiza kijana zaidi. "Kama ni saratani, kwa nini wasimpasue sasa? Na kama si saratani, kwa nini wampige picha tena?"

Jibu ni kwamba kinundu cha milimita 7 hakisemi jina lake kwa picha moja. Kukitoboa kwa sindano ni kazi ngumu, kwani ni kidogo, kinasogea kila mgonjwa akivuta pumzi, na sindano inaweza kulitoboa pafu hewa ikavuja. Kumtia mtu wote katika hatari ile kwa kitu ambacho mara nyingi ni kovu si haki. Lakini muda unakifichua. Saratani za pafu zilizo ngumu kwa kawaida hujaza ukubwa wao mara mbili ndani ya siku 100 hadi 400 hivi. Kovu halikui. Kwa hiyo madaktari wanapiga picha, wanasubiri muda wa kutosha kitu kionekane kama kinakua, kisha wanapiga tena na kulinganisha.

Wataalamu wa kifua wa jumuiya ya Fleishna walitoa mwongozo mwaka 2017, nao unatumiwa nchi nyingi. Kwa kinundu kimoja kigumu, kwa ufupi, uko hivi. Chini ya milimita 6, kwa mtu asiye na hatari kubwa, hakuna haja ya picha nyengine. Mvutaji sigara au mwenye hatari nyengine anaweza kupigwa moja baada ya miezi 12. Kuanzia milimita 6 hadi 8, CT nyengine baada ya miezi 6 hadi 12, na pengine moja tena katika mwezi wa 18 hadi 24. Kikizidi milimita 8, mambo hayasubiri sana: CT baada ya miezi 3, au picha ya PET, au kuchukua kipande kukipima. Kwa mtu wa Ibra au Sur hayo ya mwisho mara nyingi ni safari ya Maskati.

Mwongozo huu hauwahusu watu wote. Hauwahusu walio chini ya miaka 35, wala waliowahi kupata saratani mahala popote mwilini, wala wale ambao kinga yao ya mwili imeshuka. Ukiwa mmoja wao mwambie daktari wazi, hata kama hujaulizwa, maana mpango wako utakuwa mwengine. Vile vile angalia lile neno "solid", yaani kigumu, kilichojaa. Vipo vinundu vyengine vinavyoonekana kama kioo chenye ukungu. Hivyo hukua polepole sana na hufuatiliwa mpaka miaka 5, kwa hiyo usichukue muda wa kinundu cha jirani ukaufanya wako.

Mstari ambao hakuna aliyeuona

Sasa turudi kwenye karatasi ya bibi. Usiku ule nilimwomba kijana anisomee tena mstari wa pili, ule wa "Comparison". Maana yake ni picha ya zamani ya kulinganishia. Pameandikwa "none available", yaani haikupatikana. Nikamuuliza: bibi hajawahi kupigwa picha ya kifua popote, hata nje ya Oman?

Kijana akasema hapana. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Bibi akajibu kwa mbali nikamsikia: "Si nilipigwa Dar, nilipokwenda harusi ya mwanangu Salma?" Mwaka 2019, mwezi wa Februari, alikuwa Dar es Salaam kwa harusi, akashikwa na kikohozi cha wiki nyingi, na huko wakampiga CT. Walimpa dawa, kikohozi kikaisha, akarudi Ibra. CD ya picha ilikuwa kwenye sanduku lake la nguo, imefungwa pamoja na CD ya video ya harusi.

Karatasi ya Dar ilikuwemo humo humo. Nayo ilitaja kinundu, pafu la kulia, juu, milimita 6. Hakuna aliyemweleza, au alielezwa akasahau.

Kijana aliniambia kwa sauti ya kuvunjika: "Basi kimekua. Kilikuwa sita, sasa ni saba."

Hapa ndugu msomaji nataka usome kwa utulivu. Tofauti ya milimita 1 kati ya picha mbili, mashine mbili na watu wawili waliopima, haihesabiwi kuwa ni kukua. Mtu mmoja akipima kinundu kile kile mara mbili anaweza kupata 6 leo na 7 kesho, kutegemea ameweka alama wapi na mgonjwa amevuta pumzi kiasi gani. Tofauti isiyofika milimita 2 inaweza kuwa ni ya upimaji tu. Halafu tupige hesabu. Tuseme ni saratani, na tuchukue ile ya mwendo wa polepole, inayojaza mara mbili kila siku 400. Kutoka Februari 2019 hadi Februari 2024 ni miaka mitano, siku zaidi ya 1,800. Katika muda huo ingejaza mara mbili zaidi ya mara nne, na kinundu cha milimita 6 kingefika karibu milimita 17. Cha bibi kilikuwa 7.

Lakini hesabu ya kwenye simu haitoshi, na mimi si mtaalamu wa radiolojia. Nilimwambia aipeleke CD ile hospitali, picha zenyewe, kwa kuwa karatasi peke yake haimtoshi mtaalamu. Anataka aweke picha mbili ubavu kwa ubavu na apime mwenyewe. Mtu mmoja, jicho moja, kipimo kimoja. Ikachukua siku tisa. Jibu likaja kama nyongeza chini ya ripoti ile ile: kinundu ni kile kile, mahala pale pale, hakijabadilika tangu 2019, hakuna haja ya kufuatilia. Kinundu kigumu kisichobadilika kwa miaka miwili au zaidi huhesabiwa kuwa ni salama, na hiki kilikuwa na mitano.

Bibi hakupigwa CT nyengine. Mionzi ya CT moja ya kawaida ya kifua ni sawa na ile tunayoipata kutoka ardhini na angani kwa miaka miwili hivi, si ya kutisha, lakini isiyo na lazima hakuna sababu ya kuichukua. Na zaidi ya mionzi, alisamehewa miezi sita ya kungoja na kutoa wasia.

Bila ya CD ile, kungoja kungekuwa sawa kabisa. Ile tarehe ya miezi 6 hadi 12 ingekuwa miadi ya kweli, ya kuandikwa ukutani.

Umwambieje mzee?

Wengine wanaona bora kumficha mzee. Mimi sipendelei, kwa sababu mzee anasoma nyuso zenu kuliko mnavyodhani. Kwa karatasi kama ile ya Ibra, ningemwambia hivi:

"Bibi, daktari alikuwa anaogopa damu imeganda kwenye pafu. Ameangalia, haipo. Hakuna cha kushughulikiwa usiku huu. Katika kuangalia ameona kidoa kidogo kama mbegu ya mbaazi. Wengi wanavyo na mara nyingi ni kovu la zamani. Kwa picha moja hawezi kujua. Kwa hiyo atakuangalia tena baada ya miezi kadhaa aone kama kimekaa vile vile. Hicho sicho kinachokuuma."

Ni kweli yote, hakuna lililofichwa, na hakuna neno la kumvunja moyo.

Masuali manne ya kumuuliza daktari

Mkienda kliniki na karatasi yenye kinundu, andikeni haya kwenye kijikaratasi:

1. Kina milimita ngapi, na ni kigumu au ni cha ukungu?
2. Je, kimelinganishwa na picha ya zamani? Sisi tunayo ya mwaka fulani, kutoka mahala fulani.
3. Picha inayofuata ni lini, na nani anaiandikisha, hospitali hii au kituo chetu cha afya?
4. Kitu gani kikitokea tusingoje tarehe hiyo?

Suala la tatu lisikupiteni. Ule ushauri wa mtaalamu wa radiolojia chini ya karatasi si miadi. Ni ushauri kwa daktari, na kama daktari huyo ni wa zamu ya usiku na hamtaonana naye tena, miadi inaweza isiandikwe na mtu yeyote. Usitoke mpaka una tarehe, au unajua nani atakupa.

Suala la nne, jibu lake la kawaida nitalitaja: kukohoa damu hata kidogo, kikohozi kinachozidi wiki tatu, kupungua uzito bila ya sababu, homa na jasho la usiku. Ukiona lolote katika hayo, usihesabu miezi. Nenda, na karatasi yako uichukue.

Na jengine ni hili. Kama umepata kutibiwa Zanzibar, Dar, Nairobi, India au popote, tafuta CD zako leo, ziandike mwaka na mahala, uziweke pamoja na pasi yako ya kusafiria. Mashine ya Nizwa haijui ulipigwa nini Mombasa. Anayejua ni wewe, au mama yako, na pengine CD yenyewe iko chini ya kanga.

Makala hii ni ya kueleza maneno tu, haichukui nafasi ya daktari anayekujua. Wenye masuali waandike kama kawaida, ila naomba msinitumie jina la mgonjwa wala namba ya kadi yake. Nitajibu nikipata nafasi baada ya zamu.

Wassalaam.